Bei Kwenye Kioo cha Duka Si Ofa: Namna ya Kujibu Maswali ya Duka na Tangazo

Neno lenyewe ndilo linaloanza kumpoteza mwanafunzi. Mtaani, "OFA" iliyoandikwa kwa herufi nyekundu mlangoni mwa duka maana yake ni kwamba bei imeshuka. Kwenye sheria ya mikataba, ofa ni kauli ya mtu aliyekwisha kuwa tayari kufungwa: ametaja masharti yake, na kilichobaki ni mwenzake kusema "nimekubali" ili mkataba uzaliwe. Bango la mlangoni kwa kawaida halijafika huko. Linakukaribisha uingie, uangalie, halafu wewe ndiye utoe ofa ukifika kaunta. Huko kukaribisha ndiko tunakokuita mwaliko katika mwongozo huu. Mwaliko haumfungi mtu yeyote.

Tofauti hii inaelezeka kwa sentensi mbili, lakini kwenye mtihani wengi huianguka kwa sababu wameibeba kama kanuni ya kukariri: "vitu vya dukani ni mwaliko, matangazo ni mwaliko, isipokuwa kesi ya Carlill." Mtungaji wa swali anajua umekariri hivyo. Kwa hiyo ataweka tangazo linalofanana kwa sura tu na la Carlill, lile lililohesabiwa kuwa ofa na tutakaloliona kwenye hatua ya nne, au duka ambalo mteja amekwisha kulipa. Hatua zifuatazo zinakusaidia kuyatazama matukio yenyewe badala ya jina la mahali yalipotokea.

Hatua ya kwanza: panga matukio kwa mfuatano

Kabla hujaandika jina la kesi yoyote, orodhesha pembeni ya karatasi kila alichosema au kufanya kila mtu, kuanzia la kwanza mpaka la mwisho. Bei imebandikwa. Mteja ameingia. Ameuliza. Amechukua kitu rafuni. Amekiweka kaunta. Keshia amesema kitu. Fedha zimetolewa. Swali la duka karibu kila mara lina vitendo vitano au sita vya namna hii, na majibu dhaifu huvisukuma vyote kwenye kapu moja.

Kisha simama kwenye kila kitendo ujiulize: mtu wa upande wa pili akijibu "sawa" hapa hapa, je, biashara imefungwa, au bado kuna mtu anayebaki na haki ya kukataa? Ukikuta haki ya kukataa bado ipo kwa aliyetoa kauli, kauli hiyo ni mwaliko. Kitendo cha kwanza kinachoikabidhi haki hiyo kwa upande wa pili ndicho ofa.

Hatua ya pili: anza na kifungu, kesi zifuate

Kwa Tanzania Bara, mlango wa kuingilia ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kifungu cha 2(1)(a) kinaeleza pendekezo, ambalo ndilo ofa yetu, kuwa ni pale mtu anapomwonyesha mwenzake utayari wake wa kufanya jambo au kuacha kulifanya, kwa nia ya kupata ridhaa ya huyo mwenzake. Maneno ya kuyashika ni mawili: utayari, na nia ya kupata ridhaa. Mwenye duka anayeonyesha bidhaa bado anataka wateja waje. Hajafika mahali pa kutaka ridhaa ya mtu fulani ili mambo yaishe.

Kenya njia ni nyingine. Sheria ya Mikataba ya huko, Sura ya 23, inaelekeza kwenye sheria ya kawaida ya Uingereza kuhusu mikataba, kwa hiyo kesi za Uingereza ndizo zinazobeba maelezo. Tanzania nazo zinatumika, ila ukumbuke kwamba tarehe ya kupokea sheria ya Uingereza ni 22 Julai 1920. Kesi za duka za miaka ya 1950 na 1960 zinakuja kama hoja za kushawishi tu, hazina nguvu ya kuilazimisha mahakama. Sentensi moja inayoonyesha unalijua hilo inatosha. Usilifanyie aya nzima.

Kipimo ni cha nje. Hatuulizi mwenye duka alikuwa anawaza nini moyoni mwake. Tunauliza mtu mwenye busara aliyesimama alipokuwa mteja angeelewa nini kutokana na maneno na vitendo vile.

Hatua ya tatu: swali likiwa la duka, tafuta sekunde ya kaunta

Kesi mama ni ile ya 1953, Pharmaceutical Society of Great Britain dhidi ya Boots Cash Chemists. Boots walifungua duka la kujihudumia huko Edgware. Mteja alijichukulia dawa rafuni, akaweka kikapuni, akaenda kulipa, na mfamasia alikuwa karibu na sehemu ya kulipia. Sheria ilitaka baadhi ya dawa ziuzwe chini ya uangalizi wa mfamasia. Chama cha wafamasia kikadai kwamba mauzo yanakamilika mteja anapotia dawa kikapuni, yaani mahali ambapo mfamasia hayupo. Mahakama ya Rufani ikakataa. Dawa iliyo rafuni ni mwaliko. Mteja anatoa ofa anapoipeleka kwa keshia, na keshia ndiye anayekubali au kukataa kwa niaba ya duka.

Sababu inayonukuliwa zaidi ni hii: kama rafu ingekuwa ofa, kutia kitu kikapuni kungekuwa ni kukubali, na mteja asingeweza tena kukirudisha akibadili mawazo. Itaje, lakini usiitegemee peke yake, kwa kuwa ina tundu. Mtu anaweza kusema rafu ni ofa, ila kukubali kunatokea kaunta, na hapo mteja angekuwa huru kurudisha kitu mpaka afike kwa keshia. Sababu inayosimama imara ni ile ya haki ya muuzaji kukataa. Mfamasia anayemwona mtoto ameshika sumu lazima aweze kusema "hapana, hii sikuuzii." Kama rafu ingekuwa ofa, "hapana" yake ingekuwa ni kuvunja mkataba.

Kwa kioo cha dirishani tumia Fisher dhidi ya Bell ya 1961. Mwenye duka mmoja wa Bristol alionyesha dirishani kisu cha kufyatuka, kikiwa na kibandiko cha bei ya shilingi 4 za Kiingereza. Alishtakiwa kwa kosa la kutoa kisu hicho kwa ofa ya kuuza. Mahakama ikasema kitu kilichowekwa dirishani na bei yake ni mwaliko, kwa hiyo kosa lile halikuthibitika. Bunge likarekebisha sheria mwaka huo huo ili iguse pia kuonyesha kisu kwa ajili ya kuuza. Hapo pana fundisho la kivitendo: swali likihusu kosa la jinai, soma kwanza maneno ya sheria inayohusika. Ikiwa inasema "kuonyesha kwa ajili ya kuuza", hoja ya mwaliko haimsaidii mshtakiwa.

Sasa rudi kaunta, maana hapo ndipo alama nyingi zinapopotea. Mteja akiweka kitu mezani, ametoa ofa ya kununua, kwa kawaida kwa bei iliyobandikwa. Keshia akiipokea bei hiyo, mkataba umefungwa, na kuanzia hapo hakuna anayejitoa kwa hiari yake. Lakini keshia akisema, "Samahani dada, bei hii imekosewa, ni elfu tisini," amefanya mambo mawili kwa pumzi moja: ameikataa ofa ya mteja, na ametoa ofa yake mpya. Mteja anaweza kuikubali au kuondoka. Hawezi kulazimisha bei ya kibandiko, kwa sababu mkataba wa bei hiyo haujawahi kuwepo. Wanaoandika kwamba "duka limevunja mkataba kwa kubadili bei" wameruka hatua hii.

Kuna mahali ambapo rafu yenyewe inakuwa ofa, na ni pale ambapo hakuna mtu aliyebaki wa kusema ndiyo au hapana. Katika Chapelton dhidi ya Barry Urban District Council ya 1940, viti vya kukodi vilipangwa ufukweni pamoja na bango la bei. Mahakama ikaona viti pamoja na bango ni ofa, na anayechukua kiti amekubali. Mashine ya soda inayomeza sarafu ina sura hiyo hiyo. Ukiona kwenye swali kwamba mteja anahudumiwa na mashine au anajichukulia bila kupita kwa mtu, simama ufikiri kabla ya kunukuu Boots.

Hatua ya nne: swali likiwa la tangazo, tafuta ahadi na idadi

Tangazo la kuuza bidhaa kwa kawaida ni mwaliko. Kesi ya Partridge dhidi ya Crittenden ya 1968 ilihusu tangazo dogo gazetini la ndege wa porini, dume na jike, kwa shilingi 25 kila mmoja. Mtangazaji alishtakiwa kwa kutoa ofa ya kuuza ndege wanaolindwa na sheria. Akashinda, kwa kuwa tangazo lile lilikuwa mwaliko. Sababu ni ya kibiashara na inaeleweka hata na muuza mitumba: bidhaa zina kikomo. Tangazo lingekuwa ofa, kila anayejibu angekuwa amefunga mkataba, na mtu mwenye ndege kumi angejikuta ana deni la ndege mia.

Sababu hiyo ndiyo inayokupa ufunguo wa matangazo yaliyo ofa. Jiulize: hofu ya kuishiwa bidhaa ipo hapa? Kama tangazo lenyewe limekwisha kuiondoa hofu hiyo, kanuni ya kawaida inapoteza mguu wake.

Katika Carlill dhidi ya Carbolic Smoke Ball Company ya 1893, kampuni iliahidi kulipa pauni 100 kwa yeyote atakayeugua mafua makali baada ya kutumia kifaa chao mara tatu kwa siku kwa wiki mbili kama walivyoelekeza. Ikaongeza kwamba imeweka pauni 1,000 benki kuonyesha haitanii. Bibi Carlill alitumia, akaugua, akadai, akashinda. Angalia kilichoahidiwa: malipo kwa atakayetimiza sharti. Hapakuwa na kujadiliana tena, hapakuwa na bidhaa ya kuisha, na fedha za benki zilimfanya msomaji wa kawaida aamini kampuni imejifunga. Kutimiza sharti ndiko kukubali, na kwa Tanzania kifungu cha 8 cha Sura ya 345 kinasema hivyo waziwazi.

Kesi ya tatu ndiyo ninayoiona ina msaada mkubwa kuliko zote kwenye maswali ya punguzo la bei, ingawa ni ya Marekani na haimfungi hakimu wa kwetu. Katika Lefkowitz dhidi ya Great Minneapolis Surplus Store, iliyoamuliwa Minnesota mwaka 1957, duka lilitangaza stola moja nyeusi ya manyoya, yaani vazi la kujitanda mabegani, yenye thamani ya dola 139.50, itakayouzwa kwa dola 1 Jumamosi kwa atakayewahi kufika. Lefkowitz aliwahi. Akaambiwa ofa ni ya wanawake tu, ndiyo kanuni ya duka. Mahakama ikasema tangazo lile lilikuwa wazi, kamili, na halikuacha chochote cha kujadili, kwa hiyo lilikuwa ofa. Mtangazaji anaweza kubadili masharti kabla ofa haijakubaliwa, lakini hawezi kupachika sharti jipya baada ya mtu kukubali. Lefkowitz akapewa dola 138.50, yaani thamani ukitoa ile dola aliyopaswa kulipa.

Wiki moja kabla, duka hilo hilo lilitangaza makoti matatu ya manyoya yenye thamani "mpaka dola 100". Kwa makoti hayo Lefkowitz hakupata fidia, maana thamani yake haikuwa na uhakika. Neno "mpaka" tu. Ndiyo sababu unapaswa kusoma tangazo la swali neno kwa neno: "kuanzia", "mpaka", "bidhaa mbalimbali" na "wakati akiba ipo" vinalivuta tangazo kurudi kwenye mwaliko. Idadi kamili, kitu kinachotambulika, bei moja, na njia ya kumjua mshindi vinalisukuma kwenye ofa.

Hatua ya tano: fanya kazi kwenye mfano

Tuseme swali ni hili. Duka la vifaa vya umeme Mwanza limeweka dirishani jiko la gesi la plati mbili lenye kibandiko cha sh. 45,000. Bei sahihi ni sh. 145,000, mhudumu alisahau tarakimu moja. Asha anaingia, analibeba mpaka kaunta, anatoa sh. 45,000. Keshia anakataa. Duka hilo pia limesambaza kipeperushi: "Blenda za kila aina, kuanzia sh. 30,000." Neema anatuma ujumbe wa simu: "Nachukua mbili, elfu sitini naleta kesho." Kesho yake anaambiwa zimeisha. Mwisho, mlangoni pana bango: "Jumamosi saa 3:00 asubuhi. Feni 5 mpya za mezani, sh. 10,000 kila moja, kwa watu 5 wa kwanza kufika kaunta na fedha taslimu." Baraka anafika wa tatu akiwa na noti ya elfu kumi mkononi. Meneja anamwambia, "Kaka, hizi ni za wateja wenye kadi ya duka." Feni hizo huuzwa sh. 55,000.

Kwa Asha, kioo ni mwaliko kwa Fisher dhidi ya Bell. Ofa ni yake, pale kaunta, ya sh. 45,000. Keshia hakuikubali. Hakuna mkataba. Huhitaji kabisa kuingia kwenye sheria ya makosa ya bei, kwa kuwa hoja hiyo ni ya mikataba iliyokwisha kufungwa. Ingekuwa keshia amepokea fedha na kutoa risiti, hapo ungejadili kosa, na ungeuliza kama Asha alijua au alipaswa kujua kwamba bei haiwezi kuwa hiyo. Unaweza kuongeza mstari mmoja kwamba bei ya kupotosha inaweza kulitia duka matatani chini ya sheria za kumlinda mlaji, kama Sheria ya Ushindani ya 2003 ya Tanzania, lakini hilo halimzalii Asha mkataba wa jiko.

Neema ni mwepesi zaidi. "Za kila aina" na "kuanzia" vinaonyesha kwamba hata blenda yenyewe haijajulikana, bei yake haijajulikana, na akiba haijatajwa. Ni Partridge moja kwa moja. Ujumbe wake wa simu, ingawa umeandikwa kwa lugha ya mtu anayekubali, ndio ofa ya kwanza katika mazungumzo yao. Duka halikuijibu. Tazama mtego uliowekwa hapa: neno "nachukua" limewekwa ili uandike kwamba amekubali. Jina ambalo mtu amelipatia tendo lake halibadilishi tendo hilo kisheria.

Baraka ndiye anayestahili nusu ya jibu lako. Anza na upande wa duka: bango ni tangazo la bidhaa, na kanuni ya kawaida ni mwaliko. Kisha onyesha kwa nini kanuni hiyo haikai vizuri hapa. Feni ni 5, kwa hiyo hofu ya kudaiwa feni mia haipo. Bei ni moja. Wanaostahili wanajulikana kwa kufika kwao, na kinachotakiwa kufanywa kimetajwa: kufika kaunta na fedha taslimu. Hakuna kilichobaki cha kupatana. Chini ya kifungu cha 2(1)(a) huu ni utayari unaosubiri ridhaa, na chini ya kifungu cha 8 Baraka ameridhia kwa kutimiza sharti, akiwa wa tatu. Carlill inabeba muundo, Lefkowitz inabeba matukio. Sharti la kadi limekuja baada ya kukubali, kwa hiyo limechelewa. Fidia chini ya kifungu cha 73 ni sh. 45,000, yaani sh. 55,000 ukitoa sh. 10,000 ambazo angelipa.

Ukimaliza, geuza tukio moja uone kama jibu linabadilika. Watungaji wa maswali hupenda kufanya hivyo kwenye kipengele cha (b). Bango likibadilishwa Ijumaa jioni, mahali pale pale na kwa ukubwa ule ule, kusema kwamba feni ni za wenye kadi tu, ofa ya kwanza imeondolewa kabla hajafika mtu kaunta, kama kifungu cha 5 kinavyoruhusu, na Baraka anakosa. Meneja akimnong'oneza mlinzi tu kuhusu kadi, bila kugusa bango, Baraka bado anashinda. Na bango likisema "feni chache", bila ile tarakimu 5, jibu lako la Baraka linarudi alipo Neema.